Kabla Hujanunua Mzigo: Kupima Bidhaa ya Kundi Dogo kwa Uhitaji, Ushindani na Faida

Maswali ninayoulizwa na wanaoanza kuuza mtandaoni ni mawili tu. La kwanza: "Nina mtaji kidogo, niuze nini?" La pili huja miezi michache baadaye, mara nyingi kutoka kwa mtu yuleyule: "Mzigo wangu umelala, nifanyeje?" Mwongozo huu ni wa yule aliye katikati. Tayari ana wazo la bidhaa ya kundi dogo la wateja, na fedha bado ziko mfukoni.

Sitakupa orodha ya bidhaa zinazolipa. Nitachukua bidhaa moja na kuipitisha kwenye milango mitatu, yaani uhitaji, ushindani na faida, uone kalamu inavyotembea. Bidhaa yenyewe ni mkasi wa kukatia kitambaa kwa ajili ya mashoto, watu wanaotumia mkono wa kushoto. Kundi hili lipo kila mahali, kwa makadirio ya kawaida ni kama mtu 1 katika kila 10, na mkasi wa kawaida huwatesa kweli. Kwa maneno hayo tu wazo linanukia faida. Ndiyo maana nimelichagua, kwa sababu mawazo yanayonukia ndiyo yanayokula mitaji.

Ili hesabu isifungwe na sarafu ya nchi yoyote, bei ya kuuzia mkasi mmoja nimeiita 100. Gharama nyingine zote zinapimwa kwa kipimo hicho hicho. Ni namba za mfano. Za kwako utazipata mwenyewe ukifuata hatua.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Jedwali kwenye kompyuta au simu. Daftari la kawaida linatosha pia. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hapa inaanza kuisha hata kabla hujainunua.
- Akaunti ya Google Ads, kwa ajili ya kifaa chake cha Keyword Planner. Huhitaji kurusha tangazo lolote kwanza.
- Futi kamba na mzani mdogo unaosoma gramu.
- Fedha ya sampuli mbili au tatu, pamoja na fedha ya jaribio la tangazo. Kwenye mfano wetu, jaribio linagharimu 160.
- Wiki tatu hadi nne. Anayekwambia utamaliza jioni moja hajawahi kusubiri sampuli.

Hatua ya 1: Andika bidhaa kwa sentensi moja yenye mtu na shida yake

"Nauza mikasi" hakupimiki. "Nauza mkasi wa kitambaa kwa fundi wa nyumbani ambaye ni mashoto na amechoka kuona kitambaa kikikunjika badala ya kukatika" kunapimika, kwa sababu ndani yake mna mnunuzi, mna kero, na mna maneno ambayo mtu huyo atayaandika akitafuta.

Jaribu pia kuiandika kama mnunuzi angeiandika kwenye simu yake. Hatasema "mkasi wa kiergonomia". Ataandika mkasi wa mashoto, mkasi wa kushoto wa kitambaa, au zawadi ya fundi mashoto. Kusanya maneno ya namna hiyo sita hadi kumi, katika lugha ambayo wateja wako wanatafutia. Njia rahisi ni kuanza kuandika neno kwenye sanduku la kutafutia, la Google au la soko la mtandaoni unalolenga, na kunakili mapendekezo yanayojitokeza. Yale ni maneno ambayo watu wamekwisha kuyaandika kweli.

Hatua ya 2: Pima uhitaji, halafu ugeuze kuwa mauzo

Fungua Google Trends, weka neno lako kuu, chagua nchi unayouzia na kipindi cha `Past 5 years`. Unatafuta mambo mawili tu: kama mstari unashuka mwaka hadi mwaka, na kama una mlima mmoja unaorudi kila mwaka mwezi uleule. Mlima wa kila mwaka si dhambi, ila ukinunua mzigo mara tu baada yake utakaa nao miezi tisa.

Hapa ndipo kosa la kwanza la wanaoanza lilipo. Namba 100 kwenye Google Trends haimaanishi watu mia moja wala alama mia. Maana yake ni kilele cha neno hilo, ndani ya kipindi na eneo ulilochagua. Neno linalotafutwa na watu wachache mno nalo lina siku yake ya 100. Ukitaka kujua ukubwa, weka pembeni yake neno jingine unalolijua na uyalinganishe kwenye mchoro mmoja. Mkasi wa mashoto ukilala chini kabisa ya mchoro huku "mkasi wa kitambaa" ukiwa juu, umeshaambiwa kitu.

Kwa idadi halisi, nenda Keyword Planner na uingize maneno yako yote. Akaunti isiyotumia fedha kwenye matangazo hupewa makundi mapana, kama `100 – 1K` au `1K – 10K`, badala ya namba kamili. Chukua upande wa chini wa kundi, au ukitaka kuwa mkarimu, sogea juu kidogo. Usichukue katikati, na usithubutu kuchukua upande wa juu. Tena angalia, safu iliyoandikwa `Competition` pale inazungumzia ushindani wa watangazaji wanaogombea nafasi ya tangazo. Wengi huona `Low` wakadhani hakuna wauzaji. Wauzaji wanaweza kuwa mia, ila hawatangazi tu.

Tuseme maneno yetu yote kwa pamoja yanatafutwa mara 6,000 kwa mwezi kwenye nchi tunayolenga. Wanaoanza hufika hapa wakashangilia. Subiri. Gawanya namba hiyo mpaka ifike mlangoni kwako:

```
utafutaji 6,000 × 5% wanaofika kwako  = wageni 300
wageni 300 × 2% wanaonunua            = mauzo 6 kwa mwezi
```

Sita. Hizo asilimia mbili si sheria ya maumbile, bali ni pa kuanzia penye tahadhari kwa duka jipya lisilojulikana. Unaweza kuweka 1 ukawa mkali zaidi.

Sasa ongeza masoko ya mtandaoni, kwa kuwa wengi hawatafuti Google, wanaingia sokoni moja kwa moja. Ukiwa eBay, tafuta bidhaa kisha uwashe kichujio cha `Sold Items`, ambacho kinaonyesha zilizouzwa kweli, kwa kawaida za siku 90 zilizopita. Zihesabu na ugawanye kwa tatu. Tuseme zimeuzwa 120, basi ni 40 kwa mwezi kwa wauzaji wote. Ukiweza kupata asilimia kumi ya hapo, ambayo kwa mgeni ni kazi, umepata 4. Jumla yako sasa ni 10 kwa mwezi. Masoko mengine hayaonyeshi mauzo. Kule andika idadi ya maoni ya wauzaji kumi wa kwanza leo, urudi baada ya siku 30 uandike tena. Tofauti haitakwambia wameuza vingapi, kwa sababu wanaoacha maoni ni sehemu ndogo ya wanunuzi, lakini itakuonyesha nani anatembea na nani amesimama.

Iandike namba hiyo 10 mahali utakapoiona. Itakuamulia ukubwa wa mzigo mwishoni. Kiwanda kikikwambia oda ya chini ni vipande 300, unajua papo hapo kwamba kinakuuzia mzigo wa miezi 30.

Hatua ya 3: Pima ushindani kwa kusoma malalamiko

Kuhesabu washindani hakukupi picha. Bidhaa yenye wauzaji 40 wabovu ni rahisi kuliko yenye wauzaji 3 wanaopendwa. Na ukikuta hakuna muuzaji hata mmoja, usikimbilie kusema umegundua dhahabu. Mara nyingi wapo waliokutangulia, walijaribu, wakaondoka kimya.

Chukua wauzaji 12 wa kwanza wanaojitokeza ukitafuta kama mteja. Kwa kila mmoja andika bei anayouzia pamoja na usafirishaji, idadi ya maoni, na kama alianza karibuni. Hilo la mwisho ndilo ninaloliangalia zaidi. Nikiona wauzaji wawili watatu wenye umri usiozidi mwaka na bado wanapata maoni mapya kila wiki, najua mlango haujafungwa. Wote wakiwa wakongwe wenye maelfu ya maoni, naondoka, hata kama uhitaji ni mkubwa.

Kisha soma maoni ya nyota moja, mbili na tatu, hasa ya nyota tatu. Nyota moja mara nyingi ni hasira ya kifurushi kuchelewa. Mtu wa nyota tatu aliipenda bidhaa na akakutana na kasoro, naye ndiye anayekueleza cha kurekebisha. Soma hamsini. Piga mstari kwa kila lalamiko linalojirudia.

Kwenye mikasi ya mashoto lipo lalamiko moja ambalo utakutana nalo kila unapogeuka: "Huu ni mkasi wa kawaida, wamegeuza mshiko tu." Ili uelewe uzito wake, shika mkasi wa kawaida kwa mkono wa kushoto ukate kitambaa chepesi. Kidole gumba cha kushoto, kwa namna kinavyosukuma, kinazitenganisha bapa mbili badala ya kuzibana. Kitambaa kinaingia katikati yake na kukunjika. Zaidi ya hapo, bapa la juu liko upande wa kulia, kwa hiyo linaufunika mstari wa chaki unaoufuata. Mkasi halisi wa mashoto umegeuzwa wote, bapa la juu likiwa upande wa kushoto, na gumba likisukuma linabana. Mshiko laini uliopindwa kwa ajili ya mkono wa kushoto hautibu lolote kati ya hayo kama bapa halikugeuzwa.

Hiyo ndiyo nafasi. Sasa unajua cha kumwagiza mtengenezaji, unajua picha ya kwanza ya tangazo lako itaonyesha nini, na unajua sentensi ya kwanza ya maelezo. Ukisoma maoni hamsini na usiweze kusema kwa sentensi moja utakachofanya tofauti, silaha yako itakuwa bei peke yake, na kwa mtaji mdogo hiyo ni silaha ya kujikata mwenyewe.

*Tahadhari:* kabla ya kuipenda sana, tafuta kama umbo au jina unalotaka kutumia lina hataza au nembo iliyosajiliwa kwenye nchi unayouzia. Ofisi nyingi za kusajili hataza na nembo zina daftari la kutafutia bure mtandaoni.

Hatua ya 4: Leta sampuli, uipime na uikate

Agiza sampuli kwa watengenezaji wawili au watatu, kipande kimoja kimoja. Utalipa ghali kwa kipande, na ni sawa. Ikifika, kata nayo tabaka nne za pamba na kitambaa kimoja kinachoteleza. Mpe mashoto halisi aijaribu. Wewe unayetumia kulia hutajua chochote. Angalia bapa la juu liko upande gani. Usishangae mmoja kati ya watatu akikuletea mkasi wa kawaida wenye mshiko uliogeuzwa, ingawa ulimwandikia mara mbili.

Kisha ifunge kama utakavyoituma kwa mteja, kwenye boksi lake na kinga yake, ndipo uipime. Uzito kwa gramu, na pande tatu za kifurushi kwa sentimita.

Nasisitiza kufunga kwanza kwa sababu hapa ndipo nilipoumia mimi. Miaka ya nyuma niliuza mito ya shingo ya wasafiri. Mto ulikuwa na gramu 250, nikapiga hesabu ya usafiri kwa gramu 250. Kumbe kampuni za vifurushi hutoza kwa uzito wa mzani au uzito wa ujazo, ule ulio mkubwa. Uzito wa ujazo hupatikana kwa kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa namba ya kampuni, ambayo kwa vifurushi vya haraka mara nyingi ni 5,000:

```
30 × 25 × 12 = 9,000
9,000 ÷ 5,000 = kilo 1.8
```

Nilikuwa natuma hewa. Kila mto nililipia kilo 1.8, na mzigo wote uliuzwa vizuri, tena haraka, kwa hasara. Mkasi hauna shida hiyo, ni mzito na mwembamba, na hilo ni alama moja upande wake.

Hatua ya 5: Piga hesabu ya faida kwa kipande kimoja

Watu huchukua bei ya kuuzia, wakatoa bei ya kiwandani, wakaita kinachobaki faida. Mkasi wa 22 unauzwa 100, "faida 78". Hebu tuufuate mkasi huo kutoka kiwandani hadi mikononi mwa mteja.

- Bei ya kiwandani: 22
- Mgawo wa usafiri na bima hadi ghalani: 6
- Ushuru na kodi za mpakani: 7
- Boksi na kinga: 3
- Ada ya soko na ya malipo: 15
- Kumpelekea mteja: 12
- Akiba ya vinavyorudishwa na kuharibika: 4

Jumla 69. Kinabaki 31.

Mambo mawili juu ya orodha hiyo. Ushuru usiukisie. Bidhaa ina namba ya forodha, na tarakimu zake sita za kwanza zinafanana katika nchi zinazotumia mfumo wa pamoja. Mikasi, ikiwamo ya mafundi cherehani, iko chini ya 8213. Ukiwa na namba hiyo unatafuta kiwango cha nchi yako kwenye tovuti ya forodha, au unamuuliza wakala kwa swali moja lenye jibu moja. Pia soma herufi tatu zinazofuata bei ya mtengenezaji. `EXW` maana yake mzigo uko mlangoni kwake na kila kitu kuanzia hapo ni juu yako. `FOB` maana yake anaufikisha na kuupakia melini bandarini kwake. Bei mbili zinazofanana zenye herufi tofauti si bei zinazofanana. Na kama umesajiliwa kwa kodi ya mauzo, itoe kwanza kwenye ile 100 kabla ya kuanza kuhesabu, kwa kuwa fedha hiyo haijawahi kuwa yako.

Bado hatujamlipia mteja. Duka jipya halina jirani anayepita, kila mgeni ananunuliwa kwa tangazo. Keyword Planner inakupa makadirio ya bei ya kubofya, kwenye safu za `Top of page bid`. Tuseme kubofya kumoja ni 0.8. Kama wageni 2 katika 100 wananunua, unahitaji mibofyo 50 kupata oda moja:

```
50 × 0.8 = 40
31 − 40  = −9
```

Mkasi uliokuwa na "faida 78" unapoteza 9 kila ukiuzwa. Ukiuza mia moja umepoteza 900.

Wengi hapa hupandisha asilimia ya wanunuzi mpaka hesabu ikubali. Usifanye hivyo. Uliza swali kwa upande wa pili: ni wageni wangapi ninaoweza kuwalipia kwa 31? Gawanya 31 kwa 0.8, utapata karibu 39. Kwa hiyo lazima anunue angalau mmoja kati ya kila 39 ili nisipate hasara, bila ya mimi kubaki na kitu. Namba hiyo 39 ndiyo utakayoipima kwenye jaribio.

Au ubadili bidhaa. Tazama orodha ile tena: kumpelekea mteja ni 12 na tangazo ni 40, na gharama hizo mbili hazijali ndani ya boksi mna mkasi mmoja au miwili. Fundi mashoto anayehitaji mkasi mkubwa anahitaji pia ule mdogo wa kukatia nyuzi. Tuufunge kama seti ya 160:

- Gharama hadi ghalani, mikasi miwili na boksi: 54
- Ada, asilimia 15 ya 160: 24
- Kumpelekea mteja: 12
- Akiba ya vinavyorudishwa: 6

Jumla 96, kinabaki 64. Ukitoa tangazo la 40 unabaki na 24. Sasa ni biashara, nyembamba lakini ipo. Swali lililobaki ni kama watu wawili katika mia watakubali kulipa 160 kama walivyokubali 100, na hilo hakuna jedwali linaloweza kulijibu.

Hatua ya 6: Jaribu kwa fedha ndogo kabla ya mzigo

Tengeneza ukurasa mmoja wa bidhaa. Piga picha sampuli yako, si picha ya mtengenezaji, na picha ya kwanza iwe mkono wa kushoto ukikata juu ya mstari wa chaki unaoonekana. Weka bei kamili pamoja na usafirishaji. Andika wazi kwamba ni oda ya awali, taja tarehe ya kutuma, na ueleze kwamba fedha itarudishwa kama tarehe haitatimia. Kupokea fedha ya kitu usichonacho bila kusema ni udanganyifu, na kampuni za malipo hufunga akaunti kwa sababu hiyo.

Nunua mibofyo 200 kwa maneno yako ya Hatua ya 1. Kwa 0.8 hiyo ni 160.

Kwa nini 200? Kama kweli wanunuzi ni 2 katika 100, uwezekano wa kutopata hata oda moja kwenye wageni 50 ni karibu asilimia 36. Hiyo ni bahati mbaya ya kawaida, haikufundishi lolote. Kwenye wageni 200 uwezekano huo unashuka hadi chini ya asilimia 2. Kwa hiyo ukikaa na sifuri baada ya 200, kubali. Anayezima tangazo baada ya mibofyo thelathini amepoteza fedha na hajajifunza kitu, na anayetangaza bidhaa imefaulu kwa oda mbili kati ya wageni 40 naye ni vilevile.

Oda za ndugu na marafiki usizihesabu. Wanakununua wewe.

Hatua ya 7: Amua ukubwa wa mzigo wa kwanza

Tuseme jaribio limeleta oda 4 kwa seti, yaani 2 katika 100 kama tulivyotarajia. Mtengenezaji bado anasema 300. Makadirio yetu ni 10 kwa mwezi. Usinunue 300 eti kwa sababu kipande kinashuka bei. Bei ya kipande ikishuka, miezi ya mtaji kulala inapanda.

Tafuta muuzaji wa jumla anayekubali seti 40, hata kama kila seti itapanda kutoka 54 hadi 66. Kinachobaki kinashuka kutoka 24 hadi 12, lakini mzigo unaisha ndani ya miezi minne, na kama ulikosea umekosea kwa seti 40. Mimi hununua mzigo wa kwanza usiozidi miezi minne, wala sioni haya kupata faida ndogo kwenye huo. Mzigo wa pili ndio wa kubishana bei na kiwanda.

Ukikwama

*Keyword Planner haionyeshi kitu kwa maneno yangu.* Ama maneno ni ya kwako na si ya wateja, ama nchi uliyochagua ni ndogo kwa kundi hilo. Jaribu neno pana zaidi, kisha maneno ya lugha nyingine inayotumika nchini humo. Bado kimya? Kundi halitafuti mtandaoni. Huenda linanunua, lakini si kwa njia unayoitegemea.

*Uhitaji upo, ushindani ni dhaifu, lakini hesabu haifiki.* Jaribu seti, au kitu cha aina hiyo kinachoisha na kununuliwa tena, ili tangazo moja lilete oda mbili. Visipowezekana, iache. Kupandisha bei hufaa tu kama lile lalamiko la Hatua ya 3 umelitibu kweli na picha inalionyesha.

*Watu wanabofya, wanaweka kwenye kikapu, hawalipi.* Angalia wanaondokea wapi. Wakiondokea kwenye ukurasa wa malipo, mara nyingi wamekutana na gharama ya usafirishaji ambayo hawakuiona mwanzo, au njia yao ya kulipa haipo. Rekebisha, nunua mibofyo mingine 200. Wakiondoka bila hata kushuka chini ya picha ya kwanza, tatizo ni picha, au tangazo limewaahidi kitu kingine.

*Sampuli ilikuwa safi, mzigo umekuja tofauti.* Ndiyo maana sampuli uliyoikubali haiuzwi. Weka alama juu yake, ipige picha bapa likiwa wazi na likiwa limefungwa, na andika kwenye oda kwamba mzigo utalinganishwa nayo kabla ya malipo ya mwisho. Ukifika, fungua maboksi kutoka juu, katikati na chini ya shehena, kwa sababu mabovu hayawekwi juu. Na uwe na mashoto karibu, mwenye kitambaa.